Katriji ya kauri iliyogoma kutoka kwenye bomba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu tatizo moja. Umefunga maji, umevua mpini wa bomba la miksa, umefungua nati, na katriji iliyopaswa kunyanyuka kwa vidole viwili haisogei hata kidogo. Maelezo yamelenga zaidi miksa ya mpini mmoja ya sinki la jikoni au beseni, yenye katriji ya ganda la plastiki na diski za kauri ndani, ya kipenyo cha milimita 35 au 40, kwa sababu ndiyo inayokutwa katika nyumba nyingi za Mtwara, Mikindani na Lindi. Aina nyingine zimetajwa pale tu zinapotofautiana nayo.

Nitajuaje kwamba katriji imenata kweli, na si kwamba kuna kitu bado kinaishikilia?

Hili ndilo swali la kwanza kujiuliza, kwa maana katriji nyingi zinazosemwa zimenata bado zimefungwa. Chini ya mpini huwa kuna kifuniko cha mviringo kinachong'aa, ambacho ni pambo tu na hufunguliwa kwa mkono. Chini ya kifuniko hicho ndipo ilipo nati kubwa inayoikandamiza katriji. Katika baadhi ya miksa kifuniko na nati vimeumbwa kuwa kitu kimoja, na katika nyingine vimetengana, lakini chumvi na ukungu wa kijani huvifanya vionekane kama kipande kimoja. Mtu hufungua kifuniko, akadhani amemaliza, kisha akaanza kuvuta katriji ambayo nati yake haijaguswa.

Safisha sehemu hiyo kwa mswaki mkuukuu na utazame kwa tochi. Ukiona mduara wa chuma wenye pande za kushikwa na spana, au wenye meno, hiyo ni nati. Katriji yenyewe ni ya plastiki, mara nyingi nyeupe, kijivu au nyeusi, na katikati yake kuna kijiti ambacho mpini hukaa juu yake. Kama kati ya plastiki hiyo na ukuta wa kiwiliwili cha bomba hakuna chuma chochote kinachoifunika, na bado haitoki, basi imenata.

Katika miksa za bafuni zilizochimbiwa ukutani kuna aina ndefu ya katriji ambayo haina nati kabisa, bali hushikiliwa na klipu ya chuma yenye umbo la herufi U iliyochomekwa kutoka juu au ubavuni. Klipu hiyo ikibaki ndani, hakuna nguvu itakayoitoa katriji bila kuharibu kitu.

Kwa nini inanata kiasi hicho?

Kuna sababu mbili, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni chokaa ya maji. Ukanda wetu wa pwani umelala juu ya mawe ya chokaa na matumbawe. Majumba ya kale ya Mikindani yamejengwa kwa mawe hayo, na kiwanda cha saruji cha Msijute kinategemea chokaa hiyohiyo. Maji ya kisima yanayopita katika mawe ya namna hiyo huyeyusha sehemu yake na kuibeba. Kati ya katriji na ukuta wa kiwiliwili kuna upenyo mwembamba kama karatasi. Maji hujipenyeza humo, hukauka bomba linapokaa bila kutumika, na kila yanapokauka huacha utando wa chokaa. Utando juu ya utando, upenyo unaziba, na plastiki na chuma vinakuwa kama vimepigwa lipu pamoja.

Ya pili ni mpira. Chini ya katriji kuna vipete vya mpira vinavyozuia maji, na katriji nyingine zina kipete ubavuni. Mpira uliokandamizwa kwa miaka mingi hupoteza unyumbufu wake na kujibandika kwenye chuma. Anayetumia maji ya mvua kutoka kwenye tangi, ambayo karibu hayana chokaa, hukutana zaidi na tatizo hili la pili. Ukichungulia kwenye upenyo ukaona ukoko mweupe au wa rangi ya krimu, anza na siki. Usipouona, anza na joto.

Nianze na nini kabla ya kuvuta?

Funga engo valvu zote mbili zilizo chini ya sinki, au valvu kuu ya nyumba kama hizo hazipo. Unyanyue mpini na uuzungushe kushoto na kulia ili presha iliyobaki itoke pande zote mbili. Wengi husahau upande wa maji ya moto kwa sababu nyumbani kwao hakuna hita, ilhali fundi aliyejenga aliunganisha pande zote mbili kwenye bomba moja la maji baridi. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa, kwa kuwa skrubu ndogo ya mpini ikitumbukia humo haipatikani.

Nati ikiwa imeganda, mtu mmoja ashike shingo ya bomba kwa nguvu wakati mwingine anazungusha spana. Usipofanya hivyo kiwiliwili kizima kitazunguka juu ya sinki na kuisokota mipira ya kuunganisha iliyo chini, na utakuwa umeongeza tatizo la pili kabla ya kumaliza la kwanza. Mafuta ya kulegeza kutu yanafaa kwenye hesi za nati pekee, na kwa matone machache. Usiyamwage kwenye katriji: hayayeyushi chokaa, huharibu aina nyingi za mpira, na maji ya bomba hilo ni ya kunywa.

Siki inatumikaje, na ikae kwa muda gani?

Tumia siki nyeupe ya kawaida ya dukani, bila kuichanganya na maji. Katika bomba la sinki, kiwiliwili kimesimama wima, hivyo kinashika siki chenyewe. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, uipashe siki moto hadi iwe vuguvugu, kisha uidondoshe taratibu kuzunguka ukingo wa katriji mpaka upenyo ujae. Ukiona vipovu vidogo vinapanda, chokaa inayeyuka. Vipovu vikikoma, nyonya siki hiyo, ambayo sasa imechoka, na utie nyingine. Kazi hii huchukua kati ya nusu saa na saa mbili. Kila baada ya muda gonga ubavu wa kiwiliwili kwa mpini wa bisibisi uliofungwa kitambaa, kwa kugonga kwepesi, ili mtikisiko uifungulie siki njia ya kushuka.

Kwa miksa ya ukutani, ambayo tundu lake limelala, siki haiwezi kukaa. Lowanisha kitambaa, ukizungushe kwenye katriji, ukifunike kwa mfuko wa plastiki na ukifunge kwa mpira.

Sishauri kuiacha siki usiku kucha. Ikikaa muda mrefu inaanza kuila shaba njano yenyewe na hupenya chini ya rangi ya kromu mahali palipochubuka. Juisi ya limau iliyochujwa inafanya kazi hiyohiyo pale ambapo siki haipo, na mtu wa Lindi hahitaji kwenda mbali kulipata limau.

Asidi ya kusafishia vyoo haifai hata kwa tone. Itaondoa chokaa kwa dakika chache na kromu pamoja nayo. Ikikutana na dawa ya kufulia yenye klorini ndani ya sinki hilohilo, hutoa gesi inayodhuru mapafu.

Je, nimwagie maji ya moto?

Ndiyo, lakini ufahamu kwanza joto linafanya nini. Plastiki hutanuka kwa joto mara kadhaa kuliko shaba njano. Ukiipasha moto katriji iliyomo ndani ya kiwiliwili, yenyewe ndiyo itakayotanuka zaidi na kukaza. Anayemwaga maji ya moto na kuvuta papo hapo anavuta wakati mbaya kuliko wote.

Faida ya joto ni kulainisha mpira uliojibandika na kuutikisa ukoko wa chokaa. Kwa hiyo zungushia kiwiliwili kitambaa, kimiminie maji ya moto taratibu kwa dakika tano hivi, kisha uondoe kitambaa na umwagie maji baridi, ya barafu yakipatikana. Plastiki inaponywea kwa kupoa hujitenga na ukuta. Kwa katriji ya milimita 40 na tofauti ya joto ya nyuzi 40, mwachano huo ni zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni kidogo, ila chokaa ni kitu kikavu kisichonyumbulika, na kiasi hicho kinatosha kuipasua. Vuta ikiwa imepoa. Ukirudia moto na baridi mara mbili au tatu, ukitia siki katikati, huwa unafika mbali kuliko kwa nguvu za mikono.

Moto wa gesi au wa kibatari usikaribie. Plastiki itayeyuka na kujimimina ndani ya mianya, na hapo kweli itakuwa imenata.

Nivute kwa kushika wapi?

Si kwenye kijiti cha katikati, ingawa ndicho kinachouita mkono. Kijiti hicho kimefungwa ndani kwa pini nyembamba ili kiyumbe kila upande, na hakikuundwa kubeba mvuto. Ukikibana kwa koleo na kuvuta, kitachomoka au kukatika, na kiganda chote kitabaki ndani.

Tazama ukingo wa juu wa katriji. Mara nyingi kuna vijidirisha au vibonde viwili vinavyotazamana. Ingiza bisibisi mbili bapa, moja kila upande, weka kipande cha kitambaa kizito au ngozi juu ya ukingo wa bomba ili usichubuke, na ubenue pande zote mbili kwa pamoja, kidogo kidogo. Ukibenua upande mmoja tu, katriji italala na kujikaba. Ikisogea nusu milimita, acha, tia siki nyingine, kisha uendelee.

Kama hakuna mahali pa kuingiza bisibisi, chukua skrubu mbili nyembamba za mbao na uzikaze kwenye plastiki ya ukingo, pande mbili zinazotazamana, kwa kina cha milimita sita au saba. Usiende chini zaidi, kwa sababu utakutana na diski za kauri, ambazo skrubu haiziingii bali huzipasua. Laza kijiti cha mbao juu ya bomba kiwe egemeo, kamata vichwa vya skrubu kwa kucha za nyundo ndogo au kwa koleo, na unyanyue kwa zamu.

Je, naweza kuizungusha ili iachie?

Hapa aina ya katriji ndiyo inayoamua. Katriji ya plastiki ya milimita 35 au 40 ina vinundu viwili chini yake vinavyoingia kwenye matundu ya kitako cha bomba, ili isizunguke mpini unapogeuzwa. Ukiizungusha kwa nguvu, vinundu hukatika na kubaki ndani ya matundu. Kuigusagusa kulia na kushoto kwa kiasi kidogo inachoruhusu hakudhuru. Kuigeuza ni kosa.

Ile ndefu ya bafuni yenye klipu ni kinyume chake. Klipu ikishatoka, hiyo inatakiwa kuzungushwa robo mzunguko kwenda na kurudi ili vipete vya mpira vibanduke, na ndipo ivutwe. Anayeivuta bila kuizungusha mara nyingi huambulia kijiti cha katikati, huku mwili wake ukibaki ukutani.

Nimeambiwa nifungue maji kidogo, presha itaisukuma yenyewe. Ni kweli?

Wazo lina mantiki, ila piga hesabu kwanza. Nyumba nyingi hapa zinatumia tangi lililo juu ya mnara. Ikiwa maji yako mita 3 juu ya bomba, presha yake ni takriban sehemu tatu za kumi za kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Hata ikisukuma chini yote ya katriji ya milimita 40, ambayo eneo lake ni sentimita za mraba 12 na nusu, nguvu yote haifiki kilo 4. Mkono wako una nguvu zaidi ya hapo, na mkono umeshindwa.

Kwenye maji ya moja kwa moja ya mamlaka, au ya pampu, presha inaweza kuwa mara kumi ya hiyo, na hapo katriji ikiachia huruka kama risasi na maji yakafika kwenye dari. Ikiwa ni lazima ujaribu, irudishe nati kwa mizunguko miwili tu ili ibaki kuwa kizuizi, funika kwa taulo, weka uso mbali, na mtu mwingine afungue valvu polepole. Kwa maoni yangu njia hii haifai kutangulia siki.

Kijiti kimekatika na katriji imebaki ndani. Nifanyeje?

Nitalijibu kwa kisa cha jiko moja la Mikindani, nyumba inayotumia maji ya kisima, ambako mambo yote mawili yalitokea kwa pamoja. Mama mwenye nyumba alikuwa ameambiwa na kijana wa jirani avute kwa koleo. Kijiti kilitoka mkononi, na ndani ya bomba ikabaki bakuli ya plastiki yenye ukoko mweupe pande zote.

Jambo la kwanza lilikuwa kutoa kilichokuwa kimelegea. Kijiti kikishaondoka, sehemu za ndani hutoka kwa tabaka: kipande cha plastiki kinachotembeza diski, diski ya kauri ya juu, kisha ya chini. Diski hizo zilikuwa zimeshikana kwa ulaini wa nyuso zao, na zilitoka zilipotelezeshwa ubavu badala ya kunyanyuliwa. Baada ya hapo bakuli likawa tupu na jembamba, na hilo ni jema: ganda lisilo na kitu ndani hukubali kukunjwa.

Siki vuguvugu ilitiwa kwenye ukingo kwa bomba la sindano. Vipovu vilikuwa vingi upande mmoja na haba upande wa pili, dalili kwamba upande wa pili siki ilikuwa haijapata njia. Upande huo ukachokolewa kwa ncha ya sindano ya kushonea magunia, na vipovu vikaanza. Baada ya saa moja hivi na kubadilisha siki mara kadhaa, skrubu mbili zilikazwa kwenye ukingo. Ganda likapanda milimita mbili, likasimama.

Hapo ndipo ulipotumika msumeno. Kipande kifupi cha wembe wa msumeno wa chuma, kilichofungwa kitambaa upande mmoja, kiliingizwa ndani ya ganda na kukata plastiki kutoka ndani kwenda nje, wima, kwa mikato mifupi. Meno yalisimamishwa kabla ya kufika kwenye shaba. Unga unaotoka hubadilika rangi kuwa wa njano meno yanapogusa chuma, na mlio nao hubadilika. Mkato mmoja ulitosha. Ganda lilisukumwa kwa ndani kwa bisibisi, likajikunja na kutoka.

Kazi haikuishia hapo, maana vinundu vyote viwili vilikuwa vimebaki kwenye matundu ya kitako. Katriji mpya ilipojaribiwa ilikaa ikiyumba, na nati ingekazwa hivyo maji yangevuja. Vinundu vilitobolewa kwa sindano iliyopashwa moto na kuinuliwa nayo plastiki iliposhika.

Nikikwaruza ndani, bomba limeharibika?

Inategemea ni wapi. Katriji ya milimita 35 au 40 kwa kawaida huziba maji kwa chini, pale vipete vyake vinapokandamizwa juu ya kitako bapa. Mkwaruzo mwepesi kwenye ukuta wa ubavu haufanyi kitu. Mkwaruzo kwenye kitako, ukikatiza mahali kipete kinapokaa, utavujisha siku zote, na hakuna kukaza kutakakousaidia. Ndiyo sababu bisibisi haipelekwi chini kabisa, na ukoko uliobaki kitakoni huondolewa kwa siki na kijiti cha mbao, si kwa kisu. Ile ndefu yenye vipete vya ubavuni ni kinyume: kwake ukuta ndio unaoziba, na ukuta ndio wa kulindwa.

Katriji mpya niichagueje, na niifungeje ili isigome tena?

Nenda dukani na ile ya zamani, hata kama ni vipande. Kipenyo peke yake hakitoshi. Linganisha pia urefu, mahali vinundu vilipo, unene wa kijiti, na kama chini yake ni bapa au ina miguu. Fungua maji kwa sekunde chache kabla ya kuiweka, ukiwa umefunika kwa kitambaa, ili mchanga na vipande vya chokaa vitoke. Paka grisi ya silikoni, utando mwembamba, ubavuni na kwenye vipete. Vaselini na grisi ya magari huvimbisha aina nyingi za mpira wa vipete, hivyo huleta ugonjwa uleule. Kaza nati kwa mkono, kisha kwa spana kiasi kidogo tu. Mpini ukiwa mgumu, umezidisha.

Ni wakati gani niache na kununua bomba jipya?

Kwaruza kidogo chini ya kiwiliwili mahali pasipoonekana. Ikitokea rangi ya njano, ni shaba njano na kazi inastahili kuendelea. Ikitokea kijivu, na bomba ni jepesi, ni aloi ya zinki. Mara nyingi utakuta ndani imeanza kuvimba na kutoa unga mweupe unaomomonyoka kwa kucha. Kiwiliwili cha namna hiyo hupasuka wakati wa kubenua, na hata kisipopasuka hesi zake hazitaishika nati mpya. Acha pia ukiona ufa wowote kwenye ukingo wa hesi, au kitako kilichochimbika. Kwa bomba la sinki uamuzi huo ni mwepesi, kwa kuwa hubadilishwa kwa kufungua nati moja au mbili chini ya sinki. Kwa miksa iliyochimbiwa ukutani, ambako kubadilisha ni kubomoa vigae, mkato wa msumeno uliotajwa juu unafaa kujaribiwa kwanza, na fundi mwenye mkono mtulivu.